Mti wa utafutaji uliobadilishiwa thamani mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa chini yanautumia mti mmoja mdogo wa nodi 7. Kwenye mti wa utafutaji, thamani ndogo kuliko nodi hukaa kushoto kwake na kubwa hukaa kulia, na nodi ya juu kabisa huitwa mzizi. Kushoto ni mti mzima, yaani usio na kosa, kulia ni mti uleule baada ya 20 na 50 kubadilishana nafasi kwa makosa. Matawi hayajaguswa, ni thamani tu zilizohama.

```
        40                    40
      /    \                /    \
    20      60            50      60
   /  \    /  \          /  \    /  \
  10  30  50  70        10  30  20  70
```

## Thamani mbili tu zimehama. Hasara ni kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko unavyodhani. Tafuta 20 kwenye mti wa kulia: unaanza 40, unakwenda kushoto kwa kuwa 20 ni ndogo, unakuta 50, unakwenda tena kushoto, unakuta 10, unageuka kulia, hakuna kitu. Jibu linalorudi ni kwamba 20 haimo. Tafuta 50: kutoka 40 unakwenda kulia hadi 60, kisha kushoto hadi 20, kisha kulia, hakuna kitu. Hizo mbili ulizitarajia.

Sasa tafuta 30, ambayo haikuguswa na mtu. Kutoka 40 unakwenda kushoto, unakuta 50, na kwa kuwa 30 ni ndogo kuliko 50 unapelekwa kushoto tena, kwenye 10, wakati 30 yenyewe iko upande wa kulia wa hiyo 50. Nayo imepotea. Thamani iliyokaa mahali pasipo pake huweza kuwapoteza njia wanaopita kwake, kwa hiyo kadiri kosa lilivyo karibu na mzizi ndivyo tawi kubwa zaidi linavyoweza kuwa halifikiki.

## Kosa kama hili hutokeaje kwenye programu ya kweli?

Njia ya kawaida ni mtu kubadilisha ufunguo wa nodi moja kwa moja, bila kupitia kitendakazi cha kuingiza na kuondoa. Lakini kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. Unapoondoa nodi yenye watoto wawili, baadhi ya programu kwanza hubadilishana thamani yake na ile inayoifuata kwa ukubwa, kisha huondoa nodi ya chini, ambayo ni rahisi kuing'oa. Kwenye mti wetu mzima, kuondoa 40 kungeanza kwa kuipeleka 50 kwenye mzizi na 40 mahali pa 50. Kazi ikikatika hapo katikati, kabla nodi ya chini haijaondolewa, unabaki na mti wenye thamani mbili zilizobadilishana. Ukiurekebisha, 40 hurudi kwenye mzizi, na hapo unaweza kuiondoa upya.

## Kwa nini nisikague tu kila nodi dhidi ya watoto wake?

Kwa sababu mti wa utafutaji haudai tu kwamba mtoto wa kushoto awe mdogo kuliko mzazi wake. Unadai kila kilichomo kwenye tawi zima la kushoto kiwe kidogo. Angalia 20 kwenye mti ulioharibika: mzazi wake ni 60, naye 20 yuko kushoto kwake, hivyo ukimlinganisha na mzazi tu hana kosa lolote. Kosa lake ni dhidi ya babu yake, 40.

Wengine hutumia mipaka: kila nodi inashushiwa kiwango cha chini na cha juu kutoka kwa nodi zote zilizo juu yake. Njia hiyo inafaa sana kwa kujibu swali la kama mti ni mzima au la, lakini haifai kwa kumtambua mkosaji. Chukua mti mzima, ubadilishane 40 na 10. Sasa mzizi ni 10, na njia ya mipaka italalamika kwamba 20, 30 na 40 zote ni kubwa mno kuwa kushoto kwa 10. Nodi tatu zimelaumiwa, mbili hazina hatia, na mzizi, ambao ndio wenye thamani ngeni, haukutajwa kabisa.

## Basi nitazipataje hizo nodi mbili?

Pitia mti kwa mpangilio wa kati: tawi la kushoto kwanza, kisha nodi yenyewe, kisha tawi la kulia, na sheria hiyohiyo ndani ya kila tawi. Mti mzima ukipitiwa hivyo, thamani hutoka zikipanda. Mti wetu ulioharibika unatoa hivi:

```
10  50  30  40  20  60  70
```

Tembea kwenye mstari huo ukitazama jozi za majirani. Kutoka 10 kwenda 50, umepanda. Kutoka 50 kwenda 30, umeshuka. Huo ni mshuko wa kwanza. Kutoka 30 kwenda 40, umepanda. Kutoka 40 kwenda 20, umeshuka tena. Baada ya hapo ni kupanda hadi mwisho.

Mishuko ni miwili. Kwenye wa kwanza, chukua nodi ya kushoto: 50. Kwenye wa mwisho, chukua nodi ya kulia: 20. Zirudishiane thamani, kazi imekwisha.

## Kwa nini kushoto kwenye mshuko wa kwanza, lakini kulia kwenye wa mwisho?

Hapa ndipo wengi hukariri bila kuelewa, kisha wakigeuziwa swali kidogo wanakwama. Fikiria wanafunzi waliopangwa mstari kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma, halafu wawili wabadilishane nafasi. Yule mrefu amesogea mbele, kwa hiyo anaonekana kwa sababu anayemfuata ni mfupi kuliko yeye. Yule mfupi amerudi nyuma, naye anaonekana kwa sababu aliyemtangulia ni mrefu kuliko yeye. Mrefu aliyehama siku zote yuko upande wa mbele wa mshuko wake, na mfupi aliyehama yuko upande wa nyuma wa mshuko wake.

Na mishuko mingine haiwezi kuwapo. Aliye mbele ya mrefu aliyehama alikuwa tayari mfupi kuliko wote wanaomfuata, hivyo kati yake na huyo mgeni ni kupanda. Aliye nyuma ya mfupi aliyehama alikuwa mrefu kuliko wote waliomtangulia, hivyo hapo pia ni kupanda. Waliobaki kati yao hawakuguswa. Kwa thamani zisizojirudia, basi, kubadilishana mara moja kunaweza kuleta mshuko mmoja au miwili, kamwe si mitatu, na kamwe si sifuri.

Kwenye mti wetu, 30 na 40 zimo ndani ya mishuko lakini hazina kosa. Ukichukua upande usio sahihi utabadilishana hizo, na mti utaharibika zaidi.

## Nimepata mshuko mmoja tu. Wa pili uko wapi?

Haupo. Hutokea pale thamani zilizobadilishana zinapofuatana kwenye mpangilio wa kati. Kwenye mti mzima, badilisha 30 na 40 uone:

```
10  20  40  30  50  60  70
```

Mshuko ni mmoja, 40 kwenda 30, na nodi zote mbili unazozitafuta zimo humo. Kumbuka kwamba kufuatana kwenye mstari si lazima kuwe kushikana kwenye mti: 40 ni mzizi na 30 ni mjukuu wake.

Hii ndiyo sehemu inayoangusha programu nyingi. Mtu huandika kwamba mshuko wa kwanza unampa nodi ya kwanza, na mshuko wa pili unampa nodi ya pili. Mshuko ukiwa mmoja, nodi ya pili inabaki tupu na programu inaanguka. Dawa ni ndogo: kwenye kila mshuko, andika nodi ya kulia kuwa ndiyo ya pili. Mshuko mwingine ukija, utaifuta na kuandika mpya juu yake. Usipokuja, tayari unayo iliyo sahihi. Nodi ya kwanza, kinyume chake, ikishaandikwa isiguswe tena.

## Naomba kuona msimbo wake.

Huu ni kwa Python, ukitumia rundo badala ya kitendakazi kinachojiita chenyewe:

```python
def rekebisha(mzizi):
    kwanza = pili = awali = None
    rundo, n = [], mzizi
    while n or rundo:
        while n:
            rundo.append(n)
            n = n.left
        n = rundo.pop()
        if awali and awali.val > n.val:
            if kwanza is None:
                kwanza = awali
            pili = n
        awali = n
        n = n.right
    if kwanza:
        kwanza.val, pili.val = pili.val, kwanza.val
```

Nimeepuka kujiita kwa makusudi. Python kwa kawaida huweka kikomo cha miito 1000 iliyopandana, na mti uliojengwa kwa kuingiza namba zilizokwisha kupangwa huwa mnyororo mrefu wa upande mmoja. Mnyororo wa nodi elfu kadhaa utakuletea `RecursionError` kabla hujamaliza kuupitia mti.

Angalia pia kwamba `awali` ni nodi, si namba. Ukianza na namba ya kubuni kama `-1`, siku mti utakapokuwa na thamani hasi utaona mshuko usiokuwapo, tena ukiwa huna nodi ya kuurekebisha.

Muda ni O(n), kwa sababu kila nodi hutazamwa mara moja. Kumbukumbu ni O(h), yaani urefu wa mti kutoka mzizi hadi jani la mbali zaidi.

## Kwa nini nisiziondoe zile mbili na kuziingiza upya?

Sababu ya kwanza ni kwamba huwezi kuziondoa kwa njia ya kawaida: kuondoa huanza kwa kutafuta, na tumeona kwamba utafutaji wa 20 na 50 unashindwa. Hata ukizishika kwa mkono, ukiingiza upya kila thamani itakaa kama jani mahali papya na mti utabadilika umbo. Kama ni mti mwekundu-mweusi, rangi za nodi zimepangwa kulingana na umbo hilo. Kama ni mti unaohifadhi urefu wa kila tawi, ni hivyohivyo. Kubadilishana thamani hakugusi chochote cha hayo, kwa kuwa rangi na urefu ni mali ya nafasi, si ya thamani.

Swali gumu zaidi ni nodi zinapobeba kitu kingine pamoja na ufunguo, tuseme namba ya mteja na kumbukumbu zake. Je, ubadilishe ufunguo peke yake au vyote? Inategemea kilichohama wakati wa kosa. Kama funguo tu ndizo zilizobadilishana, rudisha funguo tu, maana kumbukumbu bado ziko kwenye nodi zake. Kama yaliyomo yote yalihama, rudisha yote. Mti wenyewe hauwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu mpangilio unaona ufunguo peke yake. Kama ufunguo umeandikwa pia ndani ya kumbukumbu, linganisha: vikitofautiana, funguo zilihama peke yake, vikilingana, vyote vilihama pamoja.

## Nimeambiwa nitumie kumbukumbu isiyoongezeka, O(1). Inawezekana?

Inawezekana, kwa mbinu ya Joseph Morris ya mwaka 1979. Rundo lipo kwa kazi moja tu: kukumbuka njia ya kurudi juu ukimaliza tawi la kushoto. Morris aliona kwamba njia hiyo inaweza kuandikwa ndani ya mti wenyewe, kwenye vielekezi vya kulia vilivyo tupu.

```python
def tembea(mzizi, tazama):
    n = mzizi
    while n:
        if n.left is None:
            tazama(n)
            n = n.right
            continue
        p = n.left
        while p.right and p.right is not n:
            p = p.right
        if p.right is None:
            p.right = n
            n = n.left
        else:
            p.right = None
            tazama(n)
            n = n.right
```

Ufuatilie kwenye mti wetu ulioharibika. Uko 40. Kabla ya kushuka kushoto, unaingia 50 na kwenda kulia hadi mwisho, unafika 30. Kulia kwa 30 ni patupu, unafunga uzi kutoka hapo kurudi 40, kisha unashuka 50. Unafanya vilevile: unafunga uzi kutoka 10 kurudi 50, unashuka 10. Hapa hakuna kushoto, unaitazama 10 na kwenda kulia, na huo kulia ni ule uzi, umerudi 50. Safari hii unapokagua upande wa kushoto unaukuta uzi wako mwenyewe. Ndiyo dalili kwamba tawi la kushoto limekwisha: unaukata, unaitazama 50, unakwenda 30. Kutoka 30 uzi unakurudisha 40, nako unaukata na kuendelea upande wa kulia.

Mti kuharibika thamani hakuisumbui mbinu hii hata kidogo, kwa sababu haitazami thamani kuamua njia. Inafuata vielekezi tu. Hakikisha unalinganisha `p.right is not n`, nodi kwa nodi, wala si thamani kwa thamani. Ndani ya `tazama` weka ukaguzi uleule wa mshuko, na kubadilishana kufanyike baada ya matembezi kwisha.

Muda unabaki O(n), ingawa kwa hakika utakuwa mrefu kidogo, kwani baadhi ya matawi hupitwa zaidi ya mara moja. Binafsi nisingeitumia bila sababu. Wakati inatembea, mti una mizunguko ndani yake, na sehemu nyingine ya programu ikisoma mti huohuo kwa wakati huo inaweza kuzunguka bila kutoka. Kwa mti wa kawaida wenye urefu wa 20 au 30, rundo halina uzito wowote.

## Nikishaona mishuko miwili, nisimame hapohapo?

Ukitumia rundo, ndiyo, bila madhara, mradi una hakika kwamba kosa ni la thamani mbili tu. Ukitumia Morris, hapana. Ukiondoka katikati utaacha nyuzi ambazo hazijakatwa, na umbo ulilokusudia kulilinda litakuwa limeharibika kweli. Dalili yake ni utafutaji au uchapishaji wa mti usiokoma.

Na usisimame kwenye mshuko wa kwanza kwa njia yoyote. Huwezi kujua kama kuna wa pili hadi umefika mwisho.

## Mti wangu unaruhusu thamani zinazojirudia. Msimbo bado unafaa?

Hapana, si kama ulivyo. Chukua mpangilio sahihi 20, 20, 50, kisha ya kwanza na ya mwisho zibadilishane: 50, 20, 20. Mshuko ni mmoja, kutoka 50 kwenda 20 ya katikati, na msimbo utazibadilisha hizo mbili. Matokeo ni 20, 50, 20, bado ni mabaya.

Kugeuza `>` kuwa `>=` hakusaidii. Kwenye 20, 20, 50, 30 utaziona zile 20 mbili za mwanzo kama mshuko, na nodi isiyo na kosa itaingizwa kwenye kesi.

Kinachofanya kazi ni kupita mara mbili. Mara ya kwanza tafuta thamani tu, si nodi: kubwa ni ile ya kushoto kwenye mshuko wa kwanza, ndogo ni ile ya kulia kwenye mshuko wa mwisho. Hizo hupatikana kwa usahihi hata kukiwa na marudio. Mara ya pili tafuta nodi zenyewe: ya kwanza kwenye mpangilio iliyo kubwa kuliko ile ndogo, na ya mwisho iliyo ndogo kuliko ile kubwa. Kwenye 50, 20, 20 unapata 50 ya mwanzo na 20 ya mwisho, ambazo ndizo zilizohama.

## Nitajuaje kama zilizohama ni zaidi ya mbili?

Mishuko mitatu au zaidi ni jibu la moja kwa moja. Lakini mishuko michache si uthibitisho wa kinyume. Thamani tatu zikizunguka nafasi, 10, 20, 30 zikawa 20, 30, 10, mshuko ni mmoja tu. Msimbo utabadilisha 30 na 10, utapata 20, 10, 30, na utamaliza kimya kana kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo pitia mti mara moja zaidi baada ya kurekebisha. Ukikuta bado kuna mshuko, kosa halikuwa la thamani mbili. Kama umbo bado ni la asili na thamani zote zimo, unaweza kukusanya thamani zote, kuzipanga, kisha kuzirudisha moja moja kwa mpangilio wa kati. Inagharimu O(n log n) na kumbukumbu O(n), lakini hurekebisha mchanganyiko wowote.

## Mti uliendelea kutumika baada ya kosa. Je, bado unarekebishika?

Kama ulisomwa tu, ndiyo. Kama kuna kilichoingizwa, kagua kwanza. Tuseme programu ilitafuta 30, ikaambiwa haimo, ikaiingiza. Njia itapita 40, 50, 10, na 30 mpya itakaa kulia kwa 10. Sasa mpangilio ni huu:

```
10  30  50  30  40  20  60  70
```

Mishuko bado ni miwili, na msimbo utabadilisha 50 na 20 kama kawaida. Kinachobaki ni 10, 30, 20, 30, 40, 50, 60, 70: kuna 30 mbili, moja ikiwa mahali pasipo pake, na hakuna kubadilishana kutakakoiondoa. Hapo inabidi uing'oe ile nodi ya ziada kwa mkono, kisha ndipo mpangilio utakuwa sawa. Kama una kumbukumbu za nyakati za kuingiza, rudisha nyuma kila kilichoingizwa baada ya kosa, rekebisha mti, halafu uingize upya kwa utaratibu.